Simu Iliyomwita Mama Mwongo

Kazi yangu pale ofisini kwetu, mtaa wa Soweto, Mbeya, ni kusoma programu walizoandika wenzangu kabla hazijapelekwa kwenye simu za watu. Ni kazi ya kuchukiwa. Mwandishi anadhani unamwonea wivu, bosi anadhani unachelewesha.

Injinia wetu alitoka Iringa na vyeti vingi na adabu chache. Programu yenyewe ni ya wahudumu wa afya wa jamii wanaozunguka kambi za wachimbaji huko Chunya, ambako mtandao huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Mhudumu huandika habari za mgonjwa bila mtandao, na simu ikiupata hutuma kwenye seva. Shida inakuja pale watu wawili wanapoandika juu ya mgonjwa mmoja kabla simu zao hazijatuma. Nani asikilizwe? Injinia aliamua kwamba mwenye saa ya mwisho ndiye mshindi, na saa yenyewe ni ile inayosomwa na simu. Aliyeshindwa, maandishi yake yote yanafutwa, hata kwenye simu yake mwenyewe, bila neno la pole.

Nilikataa. Nilimwandikia kwamba saa ya simu haiaminiki. Seva ihesabu kila toleo la taarifa, ijue nani alibadilisha akianzia toleo lipi. Sehemu zisizogongana ziunganishwe, zinazogongana zihifadhiwe zote mbili ili mtu aamue, na simu isifute kitu mpaka seva ithibitishe kwamba imekihifadhi. Alijibu kwamba mimi napenda kuogopa. Bosi, ambaye wafadhili wake walikuwa njiani, aliidhinisha bila kusoma hata mstari mmoja, na siku ile walikunywa soda kujipongeza.

Haukupita muda, mama mmoja mjamzito wa kambini akaanguka kwa kifafa cha mimba. Alipona, na mtoto alipona, kwa sababu tu mchimbaji mmoja alikuwa na gari. Zahanati ilisema haikuonywa. Mhudumu wake, mama wa makamo ambaye nilikuwa nimemwona mara moja kwenye mafunzo, alisema aliandika alasiri kwamba presha iko juu na mgonjwa apelekwe haraka. Kwenye seva hapakuwa na neno hilo. Injinia akatoa hukumu: hakuandika, ni uzembe. Mama huyo mhudumu aliitwa Mbeya kujieleza, na kila mtu ofisini alijua ameitwa kuachishwa.

Alikaa kwenye kiti cha mbele amekumbatia pochi. Injinia alimwonyesha kioo kitupu cha kompyuta kwa kalamu, kwa sauti ile ya kufundishia watoto wa chekechea. Nilitamani kumnyang'anya hiyo kalamu. Badala yake nikamwomba mama simu yake ya kazi. Kwenye kioo palisomeka 4:20. Simu yangu ilisoma 10:20.

“Mama, nani alikuwekea saa hii?”

“Mimi mwenyewe, mwanangu. Ilikuwa inaniambia saa kumi asubuhi. Saa kumi gani hiyo, na mimi chai ya saa nne sijanywa?”

Nikafungua kumbukumbu za seva. Siku ile, saa tano asubuhi, muuguzi wa zahanati alikuwa amerekebisha namba ya simu ya mgonjwa, na simu yake ikaandika 11:00. Mama aliandika presha saa tisa alasiri, na simu yake ingeandika 9:00, kana kwamba alimtangulia muuguzi. Nilichukua simu mbili, yake na ya ofisi, nikazima mtandao kwenye zote mbili na kurudia yote mezani kwa mgonjwa wa kubuni, muuguzi kwanza, mama baadaye. Nilipowasha mtandao, maneno ya mama yalitoweka mbele ya macho yetu, kwenye seva na kwenye simu yake. Namba ya simu ilibaki.

Mfa maji haachi kutapatapa. Injinia alisema basi kosa ni la mama, saa yake siyo sahihi. Huyu ni mtu ambaye kwao Iringa aliamshwa saa kumi na mbili kwenda misa, wala mama yake hakuwahi kuiita saa sita. Nilimdharau siku ile kwa moyo wangu wote, na mpaka leo sijaona sababu ya kupunguza.

Bosi alikohoa. Alisema kanuni ile ya saa ya mwisho itaondolewa, mama arudi kazini, na wahudumu wote watapewa semina ya kuweka saa. Hakuna aliyemwomba radhi. Injinia alikuwa ameshaanza kuchezea kompyuta yake.

Mama alisimama, akaniachia simu mkononi na kufunga pochi yake.

“Kazini nitarudi, wagonjwa ni wangu. Ila nitaandika kwenye karatasi,” alisema. “Karatasi haijawahi kuniita mwongo.”