Kisogo Kwenye Katalogi

Saluni yangu iko Sirari, nyuma ya maduka ya wabadilisha fedha, mahali ambapo mgeni hafiki bila kuelekezwa. Kwa hiyo nilipofungua akaunti ya biashara kwenye WhatsApp, niliijaza kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kufagia chumba chenyewe. Niliandika saa za kazi, nikaweka ramani, nikaweka katalogi ya mitindo yangu. Nikatengeneza na ujumbe wa kujituma wenyewe siku za Jumapili, ili mteja asijione ameongea na ukuta wakati mimi niko kanisani. Mwisho kwenye maelezo nikaongeza: tunapokea wanafunzi. Nikawaomba wateja wausambaze ukurasa, na wakausambaza kweli.

Mama mmoja alikuja siku ya katikati ya wiki, asubuhi, amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mjane, mume alikuwa amezikwa upande wa Genkuru, na kwa ukoo wa mume wake mjane hasuki mpaka wazee wamalize matanga na kumnyoa. Alinieleza mwenyewe, taratibu, huku akifungua kitambaa kama anayeonyesha kidonda. Nywele zilikuwa zimeshikana vibaya. Alikuwa anashuka sokoni kumsaidia dada yake kuuza dagaa, na alitaka tu apumue. Angezificha chini ya kitambaa hadi siku ya wazee, basi. Siku hiyo ndiyo ingeamuliwa kama anabaki kwenye nyumba yake na watoto au shemeji yake anaichukua.

Nilimsuka vizuri kuliko nilivyomsuka mtu yeyote mwaka huo. Sijui ni huruma au ni majivuno. Mistari ilitoka kisogoni ikazunguka kichwa, ikakutana juu kwa fundo dogo. Nilipomaliza nilisimama nyuma yake nikaona kazi yangu, nikaomba kupiga picha.

"Piga nywele, sura acha," alisema. "Na usiiweke mahali inapokaa."

Nikamwambia ni ya status tu, kesho yake itakuwa haipo. Na kweli status huondoka yenyewe baada ya siku moja. Lakini kabla haijaondoka simu yangu ilijaa maulizo, wengine kutoka Isebania ng'ambo ya mpaka, wengine wasichana wa send-off, wote wanataka mtindo ule ule. Nami bila kufikiri hata kidogo nikaihamishia kwenye katalogi, ambako picha hukaa mpaka uitoe mwenyewe. Nikaipa jina zuri. Nilijiambia kisogo hakina mwenyewe.

Jumapili iliyofuata aliniandikia. Jirani yake alikuwa ameuona mtindo kwenye simu akausifia mbele yake, bila kujua anamsifia nani. Aliandika: "Dada, naomba utoe ile picha. Tafadhali." Niliisoma nikiwa natoka kanisani, na chini yake nikakuta ujumbe wangu wa Jumapili umeshamjibu: asante kwa kutuchagua, tumefunga leo, tazama mitindo yetu kwenye katalogi. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamwandikia sawa dada, nitaitoa.

Sikuitoa. Hapa ndipo ninapojichukia. Kuitoa ni kugusa kioo mara chache, kazi ndogo kuliko kufungua kopo la mafuta. Lakini msafara wa bibi harusi na ndugu zake ulikuwa umepangwa Alhamisi, na walikuwa wameuchagua mtindo kutoka pale. Nikaogopa wakifungua wasiuone, watakwenda kwa mwingine. Nikasema nitaitoa wakishaondoka. Nikaendelea kunywa chai.

Wifi yake, dada wa marehemu, hakuwa anamtafuta mtu. Alikuwa anamtafutia binti yake mahali pa kujifunza ususi. Mtu wa kanisani kwao alimtumia ukurasa wangu kwa sababu ya yale maneno ya kupokea wanafunzi, akaufungua kwa nia njema kabisa, akashuka kwenye katalogi kuona kama fundi anaielewa kazi yake. Kisogo hakikumwambia kitu. Blauzi ndiyo iliyomwambia, maana aliishona mwenyewe kwa ajili ya mazishi, ya kitambaa cheusi chenye ukingo wa zambarau shingoni, na kati ya wanawake wa familia ni mjane peke yake aliyeshonewa yenye ukingo ule.

Siku ile ile alinipigia. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliniuliza kama ile picha niliipiga mimi, na lini. Nilijua anauliza nini. Ningeweza kusema ni ya zamani, lakini blauzi ile ilishonwa kwa msiba ule. Nikakata simu, na hilo likawa jibu. Papo hapo niliitoa picha. Bibi harusi na watu wake walikuja Alhamisi, nikawasuka wote mtindo ule kwa kukumbuka.

Habari nyingine nilizipata kwa dada yake wa dagaa. Wazee hawakungoja tena. Waliyafunga matanga mapema, wakamnyoa mbele ya watu, na shemeji akasema mbele ya kikao kwamba mwanamke asiye na huzuni hawezi kushika nyumba ya marehemu. Watoto wakabaki kwa bibi yao. Yeye akahamia Sirari, kwenye chumba cha dada yake, na gunia la nguo.

Nilipanga kwenda kumwona. Nilipanga mara nyingi. Kila mara kulikuwa na kichwa cha mtu kwenye kiti.

Yeye ndiye aliyekuja. Asubuhi moja, kabla sijatoa viti nje, alisimama mlangoni na kichwa kilichoanza kuota nywele fupi, bila kitambaa. Nikamsalimia. Nikamwambia kwamba picha nimeitoa. Akasema anajua, aliangalia. Akasema bado amekuta yale maneno ya kupokea wanafunzi, akaja kuuliza kama nafasi ipo.

Nilidhani ananidhihaki. Nilimtazama usoni nisione dhihaka. Nikamwambia ipo, nikaanza kusema kuhusu kosa langu, maneno mengi, yakapandana kama watu wanaogombea mlango. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari.

Nikamuuliza kwa nini kwangu. Sirari kuna saluni nyingi, na nyingine zina mafundi wapole kuliko mimi.

"Kila ninapokwenda wananiuliza kwa nini nimenyolewa," alisema. "Wewe hutaniuliza."

Nilimpa kitana. Amekuwa nami miezi kadhaa sasa, mikono yake ni myepesi, na wateja wameanza kumtaka yeye. Wananiambia nimweke kwenye ukurasa wapate kujua yupo. Nafungua simu, naandika mtindo, bei, saa za kazi, halafu nafika mahali pa picha. Namwita aje achague ipi. Anaangalia zote kwa makini, moja moja, anafuta yoyote ambayo ndani yake kuna bega la mtu, au nguo, au kidole chenye pete, na mara nyingi hatubaki na hata moja.