Chumvi ya Dukani

Mwaka ule wakimbizi walipojaa kambi ya Benaco, duka la Kezia liliuza kutwa nzima, na bado rafu zilikuwa tupu. Mafuta ya taa ya nyumbani, sadaka ya Jumapili, pombe ya mumewe Frednand, vyote vilitoka kwenye kopo la mauzo. Siku ya kununua mzigo, hela haikutosha hata katoni moja ya sabuni. Alichoka hata kulia.

Ndipo akajiajiri. Kila Jumamosi alijilipa shilingi elfu tatu, kiasi ambacho faida ingekiweza, akazitia kwenye kopo la pili, jikoni. Nyumba ikitaka kitu cha dukani, inanunua kama mteja yeyote. Rafu zikaanza kujaa.

Kisha mama mkwe akaja na wageni kutoka Ntobeye, na mshahara ukaisha kabla ya wiki kwisha. Ijumaa maharage yakapakuliwa bila chumvi.

"Chumvi si ile pale?" Frednand alifoka, akionyesha mlango wa duka.

"Ile ni ya duka."

"Duka la nani?"

Kezia hakuwa na nguvu ya kubishana. "La yule anayenilipa kesho. Kamkope, kama utampata."

Mama mkwe akafungua pindo la kanga, akatoa sarafu, akamnyooshea Kezia. "Mama Abeli, niuzie chumvi ya hamsini."

Kezia aliinuka, akafungua duka, akaitia sarafu kwenye kopo la mauzo. Akamletea mama mkwe chumvi yake.

Maharage yake mwenyewe aliyala hivyo hivyo, chapwa.