Wiki Sita za Mwalimu

Nilitahiriwa nikiwa na umri wa miaka arobaini na moja. Kwetu nilikozaliwa, mbali na pwani, hatukuwa na jando. Nilipohamishiwa kufundisha Kikole, wilayani Kilwa, nikaoa huko, niliishi miaka mingi nikioga peke yangu na kukwepa utani wa mashemeji. Mke wangu alijua, na hakuwahi kunidhalilisha hata kwa kicheko. Ni maradhi ndiyo yaliyonisukuma: ngozi ya mbele ilikuwa ikivimba na kuniwasha kila mara, na daktari akasema dawa ni kuikata.

Nilipoingia chumba cha upasuaji mdogo kwenye kituo cha afya, muuguzi alivua barakoa akaniamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

Alikuwa kijana niliyemfundisha zamani, darasa la nne. Nilitamani kurudi nyumbani. Yeye hakunipa nafasi. Alinichoma ganzi huku akiniuliza habari za shule, na nilipokuja kutanabahi, kazi ilikuwa imekwisha.

Kisha akaniuliza kama mke wangu aingie wakati wa maelekezo. Nikaona haya, lakini nikakubali. Mke wangu akaketi kwenye kiti, mikono mapajani, akisikiliza kama yuko darasani.

"Bandeji hii isilowe maji," kijana alisema. "Keshokutwa mrudi, nitaitoa mwenyewe na kutazama kidonda. Baada ya hapo ni maji safi na sabuni isiyo kali, mara mbili kwa siku, kisha unakausha taratibu. Usipake majivu, wala unga wa mizizi, wala mafuta ya mtu yeyote. Nyuzi zitayeyuka zenyewe. Vaa chupi inayobana kidogo, uume uelekee juu, uvimbe utapungua. Alfajiri ukiona uume umesimama na nyuzi zinavuta, nenda kakojoe, utatulia."

Nikatazama ukutani. Mke wangu akauliza, "Na kazi?"

"Siku za mwanzo apumzike. Asilime, asibebe mzigo, asipande baiskeli. Siku ya saba mrudi tena. Lakini damu isiyokoma, usaha, homa, uvimbe unaozidi, maumivu yanayoongezeka au mkojo kugoma, msisubiri siku ya miadi. Njooni saa hiyohiyo."

"Na lile jambo letu?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Wiki sita, mwalimu. Kwa nje kidonda kitaonekana kimefunga mapema, lakini ndani bado. Ukiwahi, utakichana upya, na maambukizi yatapata njia. Wala mkono wako mwenyewe usikusaidie. Sasa nirudishie niliyosema."

Nilirudia yote, ila nikasahau homa. Mke wangu akanikumbusha.

Keshokutwa yake tulirudi, bandeji ikatoka salama. Siku ya nne nikajiona mzima. Mke wangu alikuwa kisimani, na gunia la ufuta lilikuwa limeachwa nje, wingu likitanda. Nikaliinua. Nikasikia kitu kikivuta, kisha joto likashuka pajani.

Aliporudi alinikuta nimekaa kwenye kigoda, nimeshika kanga yake iliyolowa damu.

"Itakoma," nikamwambia. "Siwezi kwenda kujiaibisha mbele ya mtoto niliyemfundisha."

"Baba watoto, yule leo si mtoto, ni muuguzi wako." Akachukua kitambaa safi, akakikunja, akanikalisha vizuri. "Bana hapa, wala usifunguefungue kuchungulia."

Tulikaa zaidi ya dakika kumi, yeye akitazama saa ya simu. Alipoangalia, damu ilikuwa ingali inatiririka. Hakunibishia tena. Alimsimamisha jirani mwenye bajaji, akanipakia, akaketi kando yangu na mkono wake juu ya wangu tukibana pamoja.

Kijana hakunigombeza. Alisafisha, akakuta uzi mmoja umekatika, akanichoma ganzi na kushona mwingine. Alipomaliza akasema, "Mwalimu, umefanya vema kuja leo. Wengine hukaa na aibu hadi wanaletwa wamebebwa."

Nikamwambia ukweli: aliyekuja ni mke wangu, mimi nililetwa. Akamgeukia akamwambia, "Asante, mama," na mke wangu akashusha macho huku akitabasamu.

Siku ya saba ilinikuta nimetulia. Uvimbe ulipungua, nyuzi zikaanza kudondoka moja moja. Wiki ya tatu niliona pamepona kabisa, nikajisogeza usiku. Mke wangu akanisukuma kwa kiwiko. "Ndani bado," akasema, akanipa mgongo, kisha akauvuta mkono wangu akauweka kiunoni mwake, tukalala hivyo.

Zikatimia wiki sita. Tulirudi kituoni, kijana akanikagua na kusema nimepona. Tulipotoka, mke wangu akaniambia kwamba kwa wiki zile tulizungumza zaidi kuliko miaka miwili iliyopita. Nilijibu kwamba ni kweli. Tulikuwa tumehadithiana mambo ya utotoni mwetu, hata yale ya kuoga peke yangu na jinsi nilivyokuwa nikiogopa. Alinisikiliza yote. Njia nzima ya kurudi Kikole, hatukuona haja ya kuharakisha.