Baba Mkubwa Anasubiri Tangazo la Shilingi

Mnada wa kahawa wa chama chetu cha msingi cha ushirika, huku Muleba, ulikuwa unakaribia, na baba mkubwa alikataa kupeleka magunia yake. Alikaa sebuleni akisikiliza redio.

"Nasubiri Serikali itangaze kushusha shilingi," aliniambia. "Hapo ndipo kahawa itapanda bei."

Nilimweleza taratibu kwamba zamani Serikali ndiyo iliyopanga thamani ya shilingi, hivyo ikiishusha, ilitangaza. Siku hizi soko ndilo linaloamua, na shilingi ilikuwa ikishuka kidogo kidogo tangu mavuno yaanze. Kwa kuwa kahawa yetu huuzwa nje kwa dola, kila dola sasa ilileta shilingi nyingi zaidi.

"Imeshuka bila kuniambia?"

"Mimi mabati yaliniambia," mama mkubwa alidakia kutoka jikoni. "Yanatoka nje, kila nikiuliza yamepanda. Nikinunua naumia, ukiuza unafaidi, na wewe huuzi!"

Baba mkubwa alinigeukia. "Na shilingi ikipanda tena?"

"Nayo haitapiga hodi, tata," nilimjibu, nikimwita baba kwa lugha ya kwetu.

Alisimama, akakamata gunia la kwanza. "Shika huku, mwanangu, kabla shilingi haijapona!"