Mji Nilioufuta kwenye Atlasi

Nilizaliwa Handeni, nikasoma Korogwe, na miaka yangu yote ya kazi nimekuwa mhariri wa atlasi za shule. Vitabu vyangu viliuzwa na mama mmoja mwenye duka la madaftari Korogwe ya Zamani. Alizaliwa Srinagar, Kashmir, akaolewa na Mhindi mzaliwa wa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kishambaa.

Kila toleo lilipotoka alifungua faharasa, akatafuta mji wake. Mbele ya kila mji huwa tunaandika ukurasa, mraba na nchi. Srinagar ilinisumbua hapo kwenye nchi. India ndiyo inayoutawala, Pakistan inalidai eneo lote la Kashmir. Kwa hiyo kwenye ramani tulichora mstari wa vipande mahali majeshi yanapokomea, si mpaka kamili, na kwenye faharasa tukaweka maelezo mafupi chini.

"Umeandika vizuri, mwanangu," aliwahi kuniambia. "Kaka yangu yuko upande wa pili wa hivyo vipande. Hatujaonana tangu niolewe."

Toleo lililofuata, mchapaji wetu wa India alirudisha kurasa. Sheria ya kwao hairuhusu kuchapa ramani inayoonyesha mpaka wa nchi yao tofauti na ule wa serikali. Tukahamishia kazi nchi nyingine, tukachelewa, na mkuu wangu akachoka.

"Mstari uache," alisema, "ila miji ya eneo hilo linalogombewa iondoe. Mji usipokuwepo, nani atauliza ni wa nchi gani?"

Ningeweza kubisha. Nikaufuta.

Nilipopeleka vitabu Korogwe, nilimkuta mama amelala chumba cha nyuma ya duka, figo zimemchosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete nione."

Alishusha kidole kwenye herufi ya S, akapandisha, akashusha tena. Kisha akafungua ramani. Pale palipokuwa na kitone palikuwa na rangi ya milima tu.

"Mji umehama?" aliuliza, akijaribu kucheka.

Nikamweleza kuhusu mchapaji, sheria, mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Waandike ni wa India, waandike ni wa Pakistan, nitagombana nao," alisema. "Sasa hapa nigombane na nani?"

Nilirudi ofisini nikapigana, safari hii kweli, hadi nikaahidiwa kwamba mji utarudi pamoja na maelezo yake: unatawaliwa na India, eneo linadaiwa pia na Pakistan.

Ulirudi. Atlasi ilifika Korogwe wiki ya tatu baada ya mazishi ya yule mama. Nilimfungulia mumewe ukurasa, nikamwekea kidole penyewe.

Mzee alinirudishia kitabu.

"Mimi ni wa hapa hapa," alisema taratibu. "Unanionyesha mimi ya nini?"