Swaumu Iliyosingiziwa

Radhia binti Tajudini hakuwa mvivu, tuelewane hapo kwanza, maana watu wa mtaa wake wa Buyenzi kwa kusema hawajambo. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi, yuko stage, yaani mafunzo ya kazini, katika wodi ya watoto, kwenye hospitali moja upande wa Kamenge. Stage ikikataliwa, mwaka mzima unarudiwa. Na nyumbani alikuwa na kazi ya pili kwenye kompyuta: wateja wanamtumia sauti za mikutano kwa Kifaransa, yeye anasikiliza na kuandika neno kwa neno. Mteja wake mkubwa, Claude, alikuwa Montréal.

Ramadhani ilipoingia, Radhia akapiga hesabu, na hesabu yenyewe, lo! Claude hutuma kazi usiku wa kwao, anataka aikute tayari akiamka. Usiku huo wa kule ndio daku ya huku. Si nyumba nzima imeshaamka? Chai ipo, taa zinawaka. Akaona amepewa saa za bure. Akaingia kwenye ukurasa wake katika mtandao wa kutafutia kazi akaandika kwamba anapatikana kila siku. Wenzake wakishaswali alfajiri wanajilaza kidogo, yeye anavaa visikilizio. Masikini, zile saa za bure zilikuwa usingizi wake mwenyewe.

Haikuchukua muda, mwili ukaanza kudai. Alitaka kupunguza, lakini vipi? Akikataa kazi, alama zake mtandaoni zinashuka, na zikishuka wateja wapya hawamwoni. Akiimaliza vizuri, Claude anafurahi na kuleta nyingine. Mama yake naye alishatangaza mtaa mzima kwamba binti yake anafanya kazi na Canada. Kila mlango aliougusa ulikuwa umefungwa, na simu haiachi kutetemeka mfukoni.

Siku moja akasinzia wimawima akikunja mashuka. Sylvère, mkuu wa wauguzi, Mkatoliki mwenye huruma zake, akamwona.

"Radhia, mufungo inakumaliza, eh?"

Hapo angesema hapana, yangekwisha. Akasema, "Eeh, chef. Ni mufungo."

Basi Sylvère akampa kazi za kukaa, zile nzito akamwachia Elsa, mwanafunzi mwenzake. Elsa akawa anabeba maji, anageuza wagonjwa, anasugua vitanda vya watu wawili. "We pumzika, dada," akamwambia. "Uko na Mungu wako." Radhia aliona haya, haya ya kweli, lakini akanyamaza. Usiku ule ule, wakati wa daku, akakubali kazi mbili za Claude badala ya moja.

Kulipokucha akawekwa kando ya kitanda cha mtoto wa kike aliyedhoofishwa na kuhara, aangalie serumu, ile dripu ya mshipani, isije ikaisha bila mtu kujua. Kazi ya kukaa tu! Akavuta kiti, akaiangalia chupa ikidondoka tone kwa tone. Usingizi ukamchukua.

Alizinduliwa na sauti. Mama wa mtoto, Sikuzani, muuza mboga wa soko la Jabe, alikuwa ameshika mpira wa serumu, kibano chake amekifunga mwenyewe kwa kidole. Chupa tupu. Damu ya mtoto imepanda ndani ya mpira.

"We mutoto, unalala?"

Sylvère akaja mbio. Damu ilikuwa imeshaganda kwenye sindano, ikabidi kuichomoa na kutafuta mshipa mwingine kwenye kile kimkono kilichokauka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika.

"Musimukasirikie, mama," Sylvère akasema. "Anafunga."

"Mi pia niko nafunga," Sikuzani akajibu, ushungi umemlegea, macho mekundu. "Na nimekesha na mutoto wangu. Mbona sikulala?"

Radhia angeweza kusema ana homa, uongo haukosekani. Lakini kile kilio! Akashindwa.

"Si mufungo, chef. Niko na kazi ingine kwenye kompyuta. Usingizi wangu naumalizia kule."

Sylvère hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akamwambia leo asimguse mgonjwa tena, aende nyumbani alale, na jambo la stage atalipeleka kwa walimu wake. Radhia akatoka kwenye korido, akafungua simu, akajiandika kwamba hapatikani. Mtandao ukamjibu kwamba wateja wapya hawatamwona, lakini kazi alizokwisha kuzikubali anadaiwa bado, siku ile ile. Akamwandikia Claude kuomba muda. Hakuna jibu, kule kulikuwa bado usiku.

Alipoinua kichwa, Elsa alikuwa amesimama mbele yake na ndoo ya maji. Alikuwa amesikia yote.

"Radhia, mi nilikuwa nakubebea juu ya Mungu," akasema polepole. "Kumbe nilikuwa nabebea Canada."

Akampita, ndoo mkononi, akaingia wodini kumalizia vitanda vya watu wawili.