Miaka Minne Ambayo Baba Hakuwa Nayo

Mwandiko wangu ni wa kuvutavuta na shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta herufi imekosewa, mnivumilie. Naandika polepole, lakini haya niliyaona mwenyewe.

Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge karibu na Voi. Alipofikisha miaka hamsini na mitano aliambiwa apumzike, na karani wa ofisi akampa mambo mawili achague: shilingi elfu arobaini na nane kwa mkupuo, au mia nne kila mwezi mpaka afe. Akishatia sahihi, hakuna kurudi nyuma. Alipewa wiki mbili.

Baba mdogo alikuja siku iyo hiyo kutoka Kishushe. Alitaka wanunue ng'ombe, wawalishe upande wa Ndara.

"Kaka, ng'ombe anazaa. Mia nne haizai."

"Na simba wa Ndara wanakula mia nne?" baba akauliza.

Mama alicheka, akaendelea kuchambua mboga. Yeye alitaka ya kila mwezi. Alisema pesa nyingi ndani ya nyumba huwaita ndugu ambao hata matangani hawaji.

Hata hivyo baba aliegemea upande wa mdogo wake. Alisema mwanamume wa miaka hamsini na mitano ameshashuka mlima, na shirika lenye shamba linajua hivyo, ndiyo maana linamwahidi pesa za uzee asioufikia.

Jirani yetu alikuwa ameketi mlangoni akinywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Hamsini na tano umeipata wapi? Mimi nina hamsini na moja, nilibatizwa nikiwa mchanga pale misheni, na mwaka umeandikwa. Mama zetu walijifungua masika moja. Wako alipougua, wangu alikunyonyesha. Ziwa moja, wewe, halafu unanipita miaka minne?"

Baba akasema kwamba alipokwenda kuomba kazi, msimamizi alikuwa hachukui watoto. Yeye alikuwa na kumi na minne. Aliulizwa umri, akasema kumi na minane. Umri huo ulibaki ofisini, na baadaye ukabaki kichwani mwake pia. Mwenyewe alikuwa amesahau kwamba si wake.

Kesho yake tulikwenda ofisini, baba, mama na mimi. Karani alisikiliza, akasema rekodi haiwezi kubadilishwa kwa maneno ya jirani, na baba hatapata miaka zaidi ya kazi.

"Lakini mzee, mwili wako hausomi rekodi," akasema. "Hesabu ni hii. Elfu arobaini na nane ukiigawa kwa mia nne, ni miezi mia na ishirini, yaani miaka kumi. Hiyo ni kama umezifukia chini ya kitanda. Tuseme umeweka benki, wanakupa asilimia sita kwa mwaka, na unatoa mia nne kila mwezi. Zitakaa miaka kumi na mitano na kidogo."

"Kwa umri wa ofisi nitakuwa na sabini," baba akasema.

"Na kwa umri wa jirani?"

"Sitini na sita."

"Baba yako alikufa na mingapi?"

"Bado analima," mama akajibu.

Karani akatabasamu kidogo. Akaeleza kwamba mia nne ilipimwa kwa mtu wa hamsini na tano. Aliye mdogo zaidi ana miaka mingi ya kuipokea. Ila haitapanda hata bei zikipanda. Na baba akifa kabla ya miaka mitano, mama atalipwa mpaka mitano itimie. Akifa baada ya hapo, hakuna tena.

Mama aliuliza hilo la mwisho mara mbili. Kisha akamwambia baba, "Basi usife."

Baba alitia sahihi ya mia nne. Baba mdogo hakuja kwetu mpaka mavuno.

Huu ni mwaka wa sita. Sukari imepanda, mia nne ni ile ile. Ile mitano imekwisha, na mama sasa humwamsha baba mapema akilala sana. Mwezi uliopita tulimzika jirani. Alikufa kwa homa ya siku chache, umri wake ni ule ule wa baba, wa kweli. Tuliporudi kutoka makaburini baba alisema, "Hesabu ilikuwa sawa. Kifo ndicho hakisomi hesabu." Mwisho wa mwezi alivaa koti akaenda Voi kuchukua pesa zake, akarudi na sukari, na kilo moja ya ziada kwa mjane.

Mimi bado sijui kama alichagua vizuri. Pengine hata yeye hajui, mpaka afike sitini na sita. Kama mzazi wako alichukua zote kwa mkupuo, niandikie uniambie zilikaa muda gani. Nitajibu, ingawa nitachelewa.